Taa ya sola iliyofutika jina: kutoka kwenye picha hadi betri na paneli inayofaa

"Habari za kazi, fundi. Nipo Kibaigwa. Nina taa ya sola yenye tundu la kuchajia simu, jina limefutika kabisa. Zamani ilikuwa inakesha, sasa nikianika paneli siku nzima inawaka dakika 20 tu. Paneli kioo kimepasuka pembeni na waya umelegea. Fundi wa hapa anasema atatoa betri ya tochi ya kuchaji aweke humo. Nimetuma picha nne. Ni taa gani hii, na betri na paneli yake nitapata wapi?"

Nzuri, ndugu yangu. Kabla ya yote mwambie fundi asiweke betri ya tochi. Sababu nitaieleza mbele kidogo, lakini asiiweke.

Kuhusu jina, umbo la taa yako linatengenezwa na viwanda vingi na kubandikwa majina tofauti. Picha peke yake hainipi uhakika wa kusema ni ya kampuni fulani, na nikikutajia jina kwa kubahatisha utazunguka madukani bure. Geuza taa uangalie chini na ndani ya mfuniko, maana namba ya modeli mara nyingi hubaki huko hata kama jina la mbele limefutika. Ukikuta ni Sun King au d.light, nenda kwanza kwa wakala wao. Na kama taa ulikopeshwa na bado unailipia kidogo kidogo, usiifungue, ipeleke kwa waliokuuzia. Usipokuta kitu, bado unaweza kuitengeneza vizuri, kwa sababu kinachotafutwa dukani ni volti ya betri, ukubwa wake na volti ya paneli. Hayo yanapatikana bila jina.

Picha zako zimesema mambo manne. La kwanza, kuna tundu la USB la kuchajia simu na taa ndogo tatu za kuonyesha kiasi cha chaji, kwenye mwili mdogo unaoshikika kwa mkono mmoja. Taa ya namna hiyo karibu kila mara ina betri ya lithiamu, ambayo bodi, yaani sahani ya vipuri iliyo ndani ya taa, huipandisha hadi volti 5 kwa ajili ya simu. La pili, paneli ina seli 12, nimezihesabu kwenye picha ya pili. Kila seli ya silikoni hutoa kama nusu volti inapofanya kazi, kwa hiyo hiyo ni paneli ya volti 6. La tatu, ulifanya vizuri kuweka rula. Kila seli ina sentimita 5 kwa 2, hivyo seli zote zina sentimita za mraba 120. Sentimita za mraba 100 za silikoni ya kawaida hutoa takriban wati 1.5 kwenye jua kali, kwa hiyo paneli yako ilipokuwa mpya ilikuwa na wati 1.8 hivi, yaani ampia 0.3 kwa volti 6.

La nne ndilo lililonishtua. Kwenye picha ya chini, vichwa vya skrubu vimeparuzwa na moja haipo. Taa hiyo imeshafunguliwa. Kama hukuifungua wewe, basi kuna mtu aliingia humo, na betri iliyomo sasa huenda siyo ile iliyotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo hatuwezi kununua betri kwa kunakili tu maandishi ya iliyomo. Tutaiuliza bodi yenyewe inataka betri gani.

Anza na paneli, kwa sababu yenye kioo kilichopasuka na waya uliolegea inaweza kuwa ndiyo tatizo lote. Tumia hesabu ya dakika zako 20. Taa ya aina hii kwenye mwanga mkali hula takriban ampia 0.3. Dakika 20 ni theluthi moja ya saa, kwa hiyo unapata mAh 100 tu, yaani ampia 0.1 kwa saa moja. Paneli nzima ya ampia 0.3, kwa saa tano za jua zuri la Dodoma, ingeingiza mAh 1500. Ama chaji haiingii, ama inaingia na betri haiwezi kuishika. Ukibadilisha betri kabla ya kujua ni lipi kati ya hayo, unaweza kununua betri nzuri na kuifunga kwenye paneli iliyokufa.

Utahitaji mita ya kupimia umeme. Ile ndogo ya njano au nyeusi iliyoandikwa DT830 inatosha, na fundi simu yeyote anayo. Futa vumbi la paneli kwa kitambaa chenye maji. Kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, siku isiyo na mawingu, ielekeze juani moja kwa moja ikiwa haijachomekwa kwenye taa. Weka mita kwenye volti za DC, gusisha waya mwekundu kwenye pini ya katikati ya jeki, ile ncha ya waya wa paneli inayochomekwa kwenye taa, na mweusi kwenye pete ya nje. Paneli ya seli 12 isiyobeba mzigo inapaswa kuonyesha kati ya volti 6.3 na 7.2, ikiwa ya moto sana itakaa upande wa chini. Mita ikionyesha alama ya kutoa, pini ya katikati ndiyo hasi. Andika hilo kwenye karatasi, utalihitaji.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Wanaona volti 6.5, wanasema paneli nzima. Paneli yenye ufa au kiungo kilichoota kutu inaweza kuonyesha volti zote wakati haina nguvu yoyote, kwa sababu mita inapopima volti haivuti umeme wa maana. Lazima upime ampia. Hamisha waya mwekundu wa mita uingie tundu la 10A, geuza kitufe kwenye 10A, kisha gusa pini zilezile mbili kwa sekunde mbili au tatu. Paneli ndogo haiumii kwa kufungwa hivyo. Ukisoma ampia 0.25 hadi 0.35, paneli yako iko hai hata kama kioo kimepasuka. Ukisoma 0.05, ndiyo hiyo inayokunyima chaji. Wakati mita imeshikilia, tikisa waya taratibu, mwanzo karibu na jeki, kisha unapoingia kwenye paneli. Namba ikiruka juu na chini, waya umekatika ndani, na hapo unakata kipande kibovu na kuunga upya, bila kununua paneli.

Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla ya kugusa kitu kingine. Mita iliyoachwa kwenye 10A ikigusishwa kwenye betri, ni sawa na kuifunga chanya na hasi kwa msumari. Waya za mita huungua, na betri ya lithiamu inaweza kuwaka moto.

Sasa fungua taa. Piga picha ya ndani kabla ya kugusa waya wowote. Tazama betri. Kama imevimba, inanuka kemikali au ina majimaji, usiipime wala kuibonyeza. Itoe kwa kukata waya mmoja, funga ncha yake kwa tepu ya umeme, ndipo ukate wa pili. Usizikate zote mbili kwa pamoja, koleo lenyewe litaziunganisha.

Kama ni nzima kwa kuiangalia, soma kilichoandikwa. LiFePO4 au volti 3.2 ni aina moja. Li-ion au volti 3.7 ni aina nyingine. Kwa macho zinafanana kabisa, zote zinaweza kuwa silinda ya 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Tofauti yao ni pale chaji inapopaswa kukoma. Ya 3.2 hujaa kwenye volti 3.6 hivi, ya 3.7 hujaa kwenye 4.2.

Kwa kuwa taa yako imeshaingiliwa, iache betri iliyomo imeungwa na uchomeke paneli iliyopimwa na kuthibitika, au uazime paneli nyingine ya volti 6. Weka mita kwenye volti za DC, kiwango cha 20, na gusa pale waya mbili za betri zinapoingia kwenye bodi. Angalia namba inavyopanda mpaka taa ya chaji ionyeshe imejaa. Bodi ikikoma karibu na 3.6, imetengenezwa kwa betri ya 3.2. Ikikoma karibu na 4.2, imetengenezwa kwa ya 3.7. Usiiache ukaenda zako wakati wa kipimo hiki. Bodi ya 4.2 yenye betri ya 3.2 ndani itaendelea kuisukuma chaji ikiwa imeshajaa, kwa hiyo ukiona lebo ya 3.2 na mita imepita 3.7 bado inapanda, chomoa paneli, jibu umeshalipata: betri iliyomo si yake.

Tuseme taa yako imekoma kwenye 3.6, na humo ndani umekuta betri ya simu au 18650 iliyoandikwa 3.7, kama iliyotolewa kwenye betri ya kompyuta ya mkononi. Basi dakika 20 zako zimeshapata maelezo bila kitu chochote kuwa kibovu. Betri ya 3.7 ikichajiwa mpaka 3.6 tu inakuwa na chini ya robo ya uwezo wake. Halafu usiku bodi ya 3.2 huiruhusu ishuke mpaka volti 2.5 hivi, wakati betri hiyo haitakiwi kwenda chini ya 3.0. Kila usiku inaumia zaidi. Aliyeiweka aliona taa inawaka mezani kwake akaridhika.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Betri ya 3.2 kwenye bodi ya 4.2 itawaka vizuri wiki za mwanzo, kisha itavimba na kufa, na ikiwa imebanwa ndani ya plastiki juani inaweza kupasuka.

Betri ya tochi ndiyo haifai popote. Zile tochi za kuchaji zenye betri nzito ya mstatili iliyoandikwa 4V ni za risasi na tindikali. Betri hiyo ikijaa na kupumzika inasimama kwenye volti 4.2 hivi, na ili ijae inahitaji kusukumwa hadi kama 4.8. Bodi ya taa yako ikiiona na volti 4.2 itadhani imejaa, haitaichaji kabisa. Utawasha taa usiku wa kwanza kwa chaji iliyotoka nayo kwenye tochi, bodi itaishusha chini mno, na betri ya risasi ikikaa tupu siku chache huota chumvi ngumu kwenye bamba zake na haipokei chaji tena. Na mwambie fundi jambo moja kuhusu tochi zenyewe: zile zenye pini za kuchomeka ukutani nyingi hazina transfoma ndani. Zikiwa zimechomekwa, betri na waya zake zote zinabeba umeme wa ukutani. Zifunguliwe zikiwa zimechomolewa tu.

Betri ya 3.7 inapatikana kirahisi, kila fundi simu anayo. Ya 3.2 ndiyo inayosumbua, na hii ndiyo sababu mafundi huweka kilicho karibu. Hapo Kibaigwa uliza wanaouza taa za sola za ukutani na za uwanjani, zile zinazowaka mtu akipita. Nyingi kati yake zina betri za 3.2, na taa iliyoungua bodi inaweza kuwa na betri nzima. Ukifika Dodoma mjini, zunguka maduka ya vifaa vya umeme na sola ya upande wa Majengo na Sabasaba ukiwa na betri ya zamani mkononi. Omba hivi: "Nataka betri ya LiFePO4, volti 3.2, saizi 18650, yenye mabati ya kulehemea." Usiseme "betri ya taa ya sola", utapewa yoyote. Wakikosa, mwenye duka anaweza kuagiza Kariakoo ikaja na basi.

Ukipewa, soma mAh. Betri ya kweli ya 3.2 ya saizi 18650 huwa kati ya mAh 1100 na 1800. Ya 3.7 ya saizi hiyohiyo ni nadra kuzidi mAh 3600. Ukiona imeandikwa 9900mAh, iache hapohapo, hakuna betri ya ukubwa huo yenye uwezo huo, na aliyedanganya namba amedanganya na mengine. Omba ipimwe mbele yako. Ya 3.2 iliyokaa dukani inapaswa kusoma volti 3.2 hadi 3.4. Ikisoma chini ya 2.5, imekufa ikingoja mteja. Kwa paneli yako, mAh 1500 inatosha kabisa. Ukiweka betri mbili sambamba upate 3000, paneli ya ampia 0.3 itahitaji siku mbili kuzijaza, na ukiwasha kila usiku hutaona faida.

Mabati ya kulehemea ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Joto la lehemu likigusa mwili wa betri moja kwa moja huyeyusha utando wa ndani, betri inakuwa na hitilafu kabla haijawasha taa. Lehemu iguse bati tu, kwa haraka. Unga hasi kwanza, ifunike kwa tepu ya umeme, kisha chanya. Kama betri ya awali ina waya wa tatu, mara nyingi mweupe au wa njano, huo ni wa kupima joto. Umeunganishwa na kidude kidogo kilichobandikwa ubavuni mwa betri. Kihamishie kwenye betri mpya. Kikikatwa, bodi nyingi hugoma kuchaji na mtu hulaumu paneli.

Tukirudi kwenye paneli: kama kipimo cha ampia kilikuwa kizuri, unga waya na uzibe ufa wa kioo kwa silikoni ya maji safi, ile isiyo na rangi. Itakusaidia kwa muda. Mvua za masika ya huku zikianza Desemba, maji yanaingia kwenye ufa na viungo vinaota kutu, utaona mistari ya kahawia kati ya seli. Kama kipimo kilikuwa kibaya, nunua paneli ya volti 6, wati 2 hadi 3. Wati 3 zitakupa ampia 0.5, na betri ya mAh 1500 inabeba hizo bila shida. Usipande zaidi ya hapo, kwa sababu daiodi na tundu la kuchajia la taa vimepimwa kwa paneli ndogo.

Usikubali paneli iliyoandikwa volti 12, hata kama ni ndogo na bei ni nzuri. Isipobeba mzigo inafika volti 21 hivi. Bodi ya taa inapokata chaji baada ya betri kujaa, volti hizo zote zinabaki zimesimama mlangoni mwake, na vipuri vilivyotengenezwa kwa paneli ya volti 6 huungua. Hili huwapata watu siku ya kwanza mchana, wakati taa imejaa, na wao wanadhani betri mpya ilikuwa feki.

Kuhusu jeki, usihangaike kutafuta inayofanana. Kata ile ya paneli ya zamani ukiacha waya wa sentimita 15, ikiwa waya huo hauruki kwenye kipimo, na uiunge kwenye paneli mpya. Usiamini rangi za waya. Angalia karatasi yako, kisha pima pini ya katikati tena baada ya kuunga. Lazima mita ionyeshe alama ileile ya mwanzo.

Kisha jaribu. Anika siku nzima, paneli ikiwa karibu imelala na taa yenyewe ikiwa kivulini, maana betri inayochajiwa ndani ya plastiki yenye joto la jua inazeeka haraka. Jioni washa mwanga mkali na upime volti za betri taa ikiwa inawaka. Ya 3.2 nzima itakaa kwenye 3.1 hadi 3.3 kwa saa nyingi bila kushuka, kisha itaanguka ghafla mwishoni. Taa inapaswa kukupa saa nne hadi tano kwenye mwanga mkali. Ikizima baada ya saa moja au mbili, pima palepale. Betri ikiwa chini ya 2.8, haikujaa, rudi kwenye ampia za paneli na viungo vya waya. Ikiwa bado 3.2 na taa imezima, betri haina kosa, ni bodi inayokata, na hapo nitumie picha ya bodi pande zote mbili, karibu, ikiwa na mwanga wa kutosha kusoma maandishi ya vipuri.